Jinsi ya kuandika chini ya picha yako bila msaada wa Mandela

Majibu ya Mtihani wa Taifa yakitoka, Marabo haikosi poda. Mwenye kufaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka nyusi zinapotea, anapigwa picha, na picha inapanda kwenye stati kabla poda haijaanguka chini. Hapo ndipo taabu inapoanza. Picha inataka maneno, na mhitimu aliyejaza mitihani ya siku nne, utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya fani yake, anajikuta hana hata sentensi moja ya kujisemea. Anaingia mtandaoni kuazima.

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa hapa, kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda. Chini ya picha yake ameweka hivi:

"Nyuma ya kila ushindi kuna machozi ambayo hakuna aliyeyaona. Waliokucheka jana watakupigia simu kesho. Sikuzaliwa kuwa wa kawaida. Dhoruba haikuja kunizamisha, ilikuja kunifundisha kuogelea. Muda wa Mungu ndio muda sahihi. – Nelson Mandela."

Mandela, maskini, amebebeshwa mizigo mingi. Ile nukuu ndefu maarufu kuhusu hofu na nuru, ambayo watu wanaapa aliisema siku ya kuapishwa kwake mwaka 1994, imetoka kwenye kitabu cha Mmarekani Marianne Williamson cha mwaka 1992. Kama ni lazima umtaje mzee, mtaje kwa alichosema kweli: Julai 2003, pale Johannesburg, alizungumzia elimu katika uzinduzi wa mtandao wa Mindset, na hotuba ipo mtu aisome. Nukuu moja yenye anwani inavumilika. Tano zisizo na anwani ni kambi ya wakimbizi.

Njia inayopendwa zaidi ya kusafisha maneno ya kuazima ni kuyabadilisha nguo. "Machozi" yanakuwa "majonzi", "ushindi" unakuwa "mafanikio", na mwandishi anapumua. Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote anayetaka kuwa na maneno yasiyo yake na yasiyo mazuri kama ya mwenyewe. Wengine endeleeni kusoma.

Kwanza, funika picha kwa kidole. Si mchezo: kuna rafiki yako ambaye mega zimemwishia na ataona maandishi tu. Sasa soma. Nani amefaulu? Kufaulu nini? Maneno ya dada yetu yanamfaa pia mtu wa Goma aliyenunua friji, mchezaji aliyepona goti, na mwanamke aliyeachana na mumewe. Maneno yanayomfaa kila mtu huwa hayajamjua yeyote.

Kisha weka kila sentensi kitini uihoji kama polisi wa kizuizini. Machozi gani? Yalimwagika wapi, na saa ngapi? Dada anafikiri, anasema: siku ya sayansi. Alitoka chumbani akiwa na hakika kwamba ameanguka. Vizuri, sentensi hiyo ina kitu ndani, tutaitunza.

Waliokucheka ni akina nani? Hapa anakaa kimya muda mrefu. Inageuka kwamba hakuna aliyemcheka. Mjomba mmoja aliwahi kusema kushona nguo kungemletea pesa upesi, na hata yeye alitoa mchango wa ada ya mtihani. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa misemo ya mtandaoni: inamkodishia mtu maadui. Ukiiweka, jioni mjomba atapiga simu kuuliza kama ni yeye aliyesemwa, na utakuwa umenunua ugomvi kwa mega zako mwenyewe. Futa.

"Sikuzaliwa kuwa wa kawaida" inafutwa bila kesi. Mama yake yupo, na ndiye anayejua alivyozaliwa.

Dhoruba sasa. Dada hajui kuogelea na hana mpango wa kujifunza. Lakini dhoruba yenyewe ipo, tena ina jina. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na kuna watoto ambao mwaka wao wa shule ulikatwa na milio ya risasi. Yeye alikimbilia Bunia kwa tantini yake, nyumba iliyojaa watu, akasomea jikoni usiku, vyungu vikishaoshwa. Angalia basi: alikuwa na jiko la kweli mkononi, akaliacha, akaenda kuazima bahari.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ukweli nao una mipaka. Nani alirusha risasi, kijiji gani kilikimbia, wanajeshi walikaa wapi: hayo hayakai chini ya picha yenye poda. Deni la mama nalo ni la mama, uliza kwanza. Kusema kwa sauti yako hakukulazimishi kuanika kila kilicho ndani ya nyumba.

Na Mungu? Mungu abaki. Ila msikilize dada anavyomtaja akiwa kanisani au kwenye moto akienda Komanda: anasema "Mungu asante," basi. Hajawahi kumpangia Mungu ratiba kwa sauti ya bango.

Baada ya mahojiano usiandike bado. Chukua simu, bonyeza alama ya maikrofoni, umsimulie mtu mmoja unayemjua kwa jina. Mchague anayekukatiza. Kisha sikiliza ulichosema na unakili kama kilivyo, makosa ukiyaacha yale yanayokufanana. Utagundua kwamba hukuanza na "nyuma ya kila ushindi". Ulianza na mama. Karibu kila mtu huanza na mama.

Dada yetu alipofanya hivyo ikatoka hii:

"Siku ya sayansi nilitoka nikamwambia mama: mwaka huu imeanguka. Hakunijibu, alinipa chakula. Tangu tukimbilie Bunia nilikuwa nasomea ndani ya jiko ya tantini, usiku, vyungu vikiisha kuoshwa. Jana mesaji iliingia: 56. Hii poda ni ya tantini. Anasema jiko yake nayo imepata diplome. Mungu asante."

Wasomi wa sarufi watanung'unikia "jiko ya" na "jiko yake". Wanung'unike. Hivyo ndivyo anavyosema, na ukimsahihisha unamrudisha kwenye bango. Jihadhari tu na upande wa pili: usijaze lahaja ambayo huisemi ili uonekane mtu wa nyumbani. Hiyo nayo ni kuazima.

Asilimia 56 aliiacha wazi, nami nikampongeza. Nusu ndiyo inayotakiwa ili kupita, na anayeficha namba yake ndiye anayeulizwa zaidi.

Sasa utapata jaribu la mwisho. Vidole vitawasha, vikitaka kuongeza msemo mmoja mdogo mwishoni, hata "haba na haba" tu. Ni kutia chumvi kwenye makayabu. Bonyeza tuma, uweke simu chini.

Onyo moja limebaki. Maneno mazuri hayakai na mwenyewe. Utakuja kuona kijana aliyesoma chumbani kwake peke yake, taa ya sola juu ya meza, akijipiga picha na kuandika kwamba alisomea ndani ya jiko ya tantini. Tantini hana.