Chumvi ya Shangazi

Siku daktari alipotuambia kwamba figo za baba zimedhoofika na chumvi ipunguzwe, mama alitoa mkebe wa chumvi jikoni akauficha chini ya kitanda. Hapo ndipo vita vilipoanza nyumbani kwetu Luvungi. Baba alionja sombe, akaweka kijiko chini, akasema hana hamu. Siku ya tatu alikuwa anaishi kwa chai.

Shangazi alipopata habari, alishuka kutoka Lemera na furushi mkononi.

"Wifi, kaka yangu atakufa na njaa. Hii si chumvi ya dukani, ni ya wazee wetu."

Ndani mlikuwa na majivu ya maganda ya ndizi. Aliyatia kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji juu yake, na tone kwa tone yakachuruzika maji ya rangi ya chai. Akayapikia sombe, akayalainishia maharagwe. Jioni ile baba alikula bugali akaomba nyongeza, na mama akatoa machozi ya furaha. Mimi niliyetumwa sokoni nikazidisha kununua ndizi na lengalenga, kwa kuwa tulikatazwa chumvi tu, na mboga, tulijua, ni afya.

Siku ya tisa baba alishindwa kuinuka kitini. Alisema miguu ni mizito kama imejazwa mchanga, na moyo unapiga, unasita, kisha unapiga tena. Tulimkimbiza hospitali. Kipimo cha damu kilionyesha potasiamu 6.8, na kawaida ni kati ya 3.5 na 5. Walimhudumia usiku kucha mpaka moyo ukatulia.

Asubuhi muuguzi aliniuliza tunapika na nini, moja baada ya jingine. Nilipotaja maji ya majivu, aliniagiza niyalete. Alichovya vidole viwili, akavisugua. Yaliteleza kama sabuni.

"Mwanangu, hii nayo ni chumvi," alisema. "Ila ni chumvi ya potasiamu. Ganda la ndizi limejaa potasiamu, na moto hauiunguzi, unaikusanya kwenye majivu. Mwenye figo nzima huitoa kwa mkojo. Ya baba yako inabaki kwenye damu, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo."

Akanionya pia kuhusu chumvi za dukani zinazosifiwa kuwa na sodiamu kidogo: nyingi zimechanganywa na kloridi ya potasiamu, kwa hiyo mtego ni uleule.

Jumamosi nilikwenda sokoni pamoja na shangazi, maana sikutaka abaki na aibu peke yake. Tulianzia kwenye mchele. Gramu 100 za wali mweupe zina takriban miligramu 35 za potasiamu, na ndizi za kupika za uzito huohuo zina zaidi ya 400. Tukachukua mchele, tukapita ndizi. Badala ya lengalenga tukachukua kabichi. Nyanya ya kopo tuliiacha, kwa kuwa ni nyanya nyingi zilizochemshwa mpaka zikawa kijiko kimoja. Kidonge cha supu tulikiacha pia, zaidi ya nusu yake ni chumvi. Tukanunua vitunguu, kitunguu saumu, ndimu na pilipili, vimrudishie baba ladha.

Kwenye samaki shangazi alinyoosha mkono kwenye ndagala wakavu. Nilimshika taratibu. Ndagala huliwa mzima na mifupa yake, na mfupa ni ghala la fosforasi, ambayo figo dhaifu nayo haiitoi. Ikirundikana huidhoofisha mifupa ya mgonjwa mwenyewe. Tulinunua mkeke mmoja mbichi: kipande cha ukubwa wa kiganja kwa baba, mifupa kando, kilichobaki chetu.

Jikoni lilibaki somo gumu kuliko yote. Baba alitamani viazi mara moja moja, na muuguzi alikubali kidogo, kwa masharti: vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, kisha maji yamwagwe. Sehemu kubwa ya potasiamu huondoka na maji hayo, ingawa si yote. Kuvipika kwa mvuke au kuvichoma hakusaidii. Mboga za majani nazo ni hivyohivyo. Kwetu maji ya mboga ndiyo utamu wenyewe, hayamwagwi.

Si kila mgonjwa wa figo hukatazwa haya yote. Damu ndiyo inayoamua, na ya baba hupimwa kila mwezi. Kipimo kilichofuata kilisoma 4.9.

Siku ile shangazi alisimama mlangoni, sufuria ya viazi ikifuka mvuke mikononi mwake.

"Niyamwage yote, mwanangu?"

"Yote, shangazi."

Akainamisha sufuria, maji yakatiririka kwenye udongo. Kisha akakamulia ndimu juu ya mkeke wa kaka yake.