Ofa ya Mwezi wa Tukuyu

Masika yakishika Tukuyu, hata Mlima Rungwe hauonekani, sembuse mwezi mwandamo. Lakini kuna wafanyabiashara wenye macho makali: wiki tatu kabla wameshachapisha, "Ofa ya mkesha wa Idi, Jumamosi 29 Machi tu!" Mwaka 2025 Mufti alitangaza Idi Jumatatu, 31 Machi. Kwa bango kama hilo, mkesha wenyewe, Jumapili, ungekuta ofa imeshakufa. Hapo ndipo kiraka cha karatasi hubandikwa na ujumbe wa "samahani wateja" ukatumwa kwa simu zote.

Bwana, andika: "Kuanzia 20 Machi hadi usiku wa kuamkia Idi, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi." Mwanzo taja tarehe, mwisho mwachie Mufti. Wewe weka tu akiba ya bidhaa ya kutosha hata Ramadhani ikitimiza siku 30.