Kijani Ambacho Mashine Haikijui

Mfadhili anataka mwongozo wa chapa. Shirika letu lina vyumba viwili hapa Eldoret, pikipiki moja inayogoma asubuhi, na meza iliyosawazishwa mguu kwa ripoti ya mwaka juzi. Sasa limeambiwa lieleze kwa maandishi kijani chake ni kipi hasa, nembo yake iachiwe nafasi kiasi gani, na barua zake ziandikwe kwa herufi zipi. Kazi nimeangushiwa mimi, kwa sababu ndimi niliyezoea kunung'unika kila bango linapoletwa.

Basi ngoja ninung'unike rasmi.

Nembo yetu ni jani na tone la maji ndani ya duara. Ilichorwa na kijana wa kujitolea ambaye siku hizi hapokei simu, naye alichagua kijani #00FF00. Kwenye simu kijani hicho kinawaka hadi unakodoa macho. Madam Mkurugenzi alikipenda sana. Tukapeleka bango kwa fundi wa kuchapa, kule kwenye vichochoro vya nyuma ya Uganda Road, likarudi na rangi ya sukuma iliyosahaulika jikoni.

"Mwambie arudie," akasema Madam.

Fundi akarudia, sukuma ikatoka tena. "Bosi," akaniambia akipangusa mikono, "hii mashine imekupa kijani yote iko nayo. Sasa mimi nitatoa ingine wapi?"

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana alilipwa. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. #00FF00 maana yake ni kijani kuwashwa hadi mwisho na nyingine mbili kuzimwa kabisa. Mashine ya fundi haina mwanga wa kuwasha. Ina wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na kijani chake hutokana na samawati kuchanganywa na manjano. Ukijaza wino hizo mbili zote asilimia mia, mwisho wa safari ni kijani kinachokaribia #00A651. Zaidi ya hapo hakuna, hata ukimwita fundi majina yote ya mjini.

Kwa hiyo sura ya rangi nimeiandika kuanzia mkiani. Nilimwomba fundi atoe vipande vidogo vya kijani tofauti kwenye fleksi, vingine kwenye karatasi, kila kimoja kikiwa na namba zake pembeni. Tukavitoa nje juani, kwa sababu balbu ya ofisini ni ya manjano na inasingizia kila kitu. Madam akachagua kwa macho yake mwenyewe. Ndipo tukaandika: kwenye wino, 100-0-100-0, kwenye kioo, #00A651. Anayefanya kazi hii aanze na kitu kinachochapika, kisha atafute kinachofanana nacho kwenye kioo. Akianza na kioo, atazeeka dukani kwa fundi.

Madam alipoona kijani kimepatikana akataka barua zote ziandikwe kwa kijani. Hapo nikatoa hesabu. Kanuni za kimataifa za kurasa za mtandao, zile zinazoitwa WCAG, hupima tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mahali yalipoandikwa. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie angalau 4.5 kwa 1, na makubwa 3 kwa 1. Kijani chetu juu ya karatasi nyeupe kinapata kama 3.2. Kwa kichwa cha habari kinapita, kwa aya kinaanguka. Madam akaniuliza nani aliyeweka alama hizo za mtihani. Nikamwambia tumpe barua ya kijani Mzee Mweka Hazina tusikie. Mzee aliisoma akiwa ameinyoosha mkono mzima, akauliza kama wino wa ofisi umeisha.

Ni Mzee huyohuyo aliyeyaua manjano. Nembo ya zamani ilikuwa na ukingo wa manjano, na mimi nilikuwa na sababu zangu za kitaalamu za kuuondoa: manjano kamili juu ya nyeupe hupata 1.07 kwa 1, yaani hayaonekani. Mzee hakungoja hesabu. "Kijana, hapa ni Uasin Gishu. Ukisimamisha hema la kijani na manjano pale sokoni, watu watauliza wilbaro ziko wapi." Kila mtu akakumbuka rangi za UDA, na uchaguzi ni Agosti 2027. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, hairuhusu shirika kama letu kukipigia chama kampeni. Manjano yakafutwa dakika hiyo bila kura.

Nafasi ya kuizunguka nembo ndiyo imenizeesha. Kanuni nimeiandika kwa sentensi moja: pande zote nne za nembo iachwe nafasi tupu sawa na kimo cha herufi ya kwanza ya jina letu. Sikuandika sentimita, kwa sababu nembo hukua na kupungua. Kwenye kadi, nembo ya milimita 20 ina herufi ya milimita 3, kwa hiyo nafasi ni milimita 3. Kwenye bango nembo ikiwa ya milimita 600, herufi inakuwa 90, na nafasi inakuwa 90. Ukikosa rula, kata kipande cha karatasi chenye kimo cha herufi hiyo, ukipitishe pande zote. Kikigusa chochote, rudisha kwa fundi.

Tatizo ni kwamba fleksi huuzwa kwa mita za mraba. "Hapa pamebaki patupu," Madam huniambia, "na tumelipia." Panapobaki patupu huingia namba ya simu, kisha aya ya Biblia, kisha nembo ya mshirika wa semina iliyopita. Nilimwonyesha kwamba hata Umoja wa Ulaya, wenye pesa kuliko sisi, una vipimo vyake: huwaambia wanaofadhiliwa kwamba bendera yake isipungue kimo cha sentimita 1. Akajibu kwamba Umoja wa Ulaya haujawahi kulipia bango Eldoret.

Halafu kuna wanaovuta nembo kwa upande ili ijaze. Kuwakamata ni rahisi: pima duara upana na kimo. Visipolingana, mtu amevuta ubavuni badala ya kwenye kona.

Kuhusu herufi sitasema mengi. Tumechagua Noto Sans, ambayo ni ya bure. Kabla ya hapo tulikuwa na herufi za madoido ambazo hazikuwa na ĩ wala ũ, na jina la mwenyekiti wetu lilitoka na vijisanduku viwili katikati. Na saibani, kompyuta isiyo na herufi zako huweka za kwake kimyakimya; barua ya kurasa mbili inafika mfadhili ikiwa tatu, sahihi ikiwa peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Tuma PDF.

Mwongozo umekamilika, kurasa kumi na moja, na mfadhili ameusifu. Fundi hajausoma wala hatausoma; yeye nimempa karatasi moja yenye namba za wino na kipimo cha nafasi, ameibandika ukutani juu ya mashine. Bango la mkutano wa Ijumaa limetoka jana. Kijani ni chenyewe, duara ni duara, na namba ya simu ya Madam imeandikwa ndani ya tone la maji.