Kobe Aomba Radhi

Mtaa wa Bondeni ulikuwa na mtaro mmoja ulioanzia kileleni, nyumbani kwa Mjumbe Kiboko, ukaishia uani kwa Mzee Kobe. Kila masika, mvua ikikolea usiku, Kiboko alitapisha choo. Alizibua bomba la shimo lake, uchafu ukaungana na maji ya mvua, naye akaokoa gharama ya gari la maji taka. Alidhani mvua inaficha kila kitu. Lakini mvua ilipokatika, mitaro mingine ilikauka, na ule wake ukaendelea kutiririka, mweusi, hadi alfajiri.

Usiku mmoja Kobe alichoka. Akachukua simu, akafungua grupu la mtaa, akaanza kuandika kwa ukucha, herufi moja moja:

“Ndugu majirani, nimevumilia vya kutosha. Kuna mmoja wetu humu, tena mkubwa tu, kila ikifika usiku anafungulia”

Hapo radi ikapiga. Kobe, kama ilivyo ada ya ukoo wao, akaingiza kichwa na miguu gambani kwa mkupuo, na ukucha ukapita juu ya alama ya kutuma. Alipotoa kichwa, ujumbe ulikuwa umekwenda. Kwa pupa akaufuta, ila akaufuta kwenye simu yake peke yake. Kwake ukatoweka, kwa wenzake ukabaki. Akalala akidhani yameisha.

Malalamiko yaliyokamilika humpata mmoja. Yale yaliyokatika katikati humpata kila mwenye lake. Saa nane usiku Fisi akajibu: “Ile nyama niliyofungulia ilikuwa imebaki msibani, na mwenye msiba anajua.” Mama Bata akafuata: “Mita yangu ilisharekebishwa. Maji ninayofungulia sasa nayalipia.” Jogoo akasema muziki anaofungulia ni wa dini. Kufikia asubuhi mtaa mzima ulikuwa umeungama, isipokuwa Kiboko, aliyeacha tiki mbili za buluu na kimya.

Kobe akaandika haraka, kwa kipimo cha kobe, yaani kufikia adhuhuri:

“Naomba radhi kwa usumbufu. Ujumbe ule haukuwa wenu. Kama kuna aliyekwazika, anisamehe.”

Mambo yakaharibika zaidi. Fisi akauliza: haukuwa wetu, ulikuwa wa nani? Kumbe tunasengenywa na kwingine! Mama Bata akasema yeye hakukwazika, ameaibishwa.

Jioni Bibi Kanga, jirani wa ukuta mmoja, akamwita Kobe barazani. “Mjukuu wangu,” akasema, “usumbufu ni umeme ukikatika. Wewe umemfanya Mama Bata aungame wizi wa maji mbele ya wakwe zake. Tena unasema ‘kama kuna’, na unawajua kwa majina. Mwisho, umeomba radhi kwa ajili ya ukucha, lakini ile sentensi umeiacha wazi, na ikiwa wazi kila mtu ataendelea kuijaza. Imalizie.”

“Nimtaje Kiboko?”

“Humtaji mtu grupuni kabla hujabisha hodi kwake. Taja choo.”

Kobe akakaa usiku kucha, safari hii akiandika kwanza kwenye karatasi, ambayo haina alama ya kutuma:

“Majirani zangu, juzi nilituma malalamiko kabla sijayamaliza. Bwana Fisi, Mama Bata na Jogoo, hayakuwahusu ninyi, nami nimewavunjia heshima. Nisameheni. Nilichotaka kuandika ni kwamba kuna choo kinachotapishwa mtaroni mvua ikinyesha. Maneno ‘mmoja wetu, tena mkubwa tu’ nayafuta, maana yalikuwa ya mafumbo, na mwenye choo nilipaswa kumfuata mlangoni. Nitamfuata leo. Habari ya choo siifuti, kwa sababu maji yale yanaingia uani kwangu.”

Fisi akajibu, “Yamekwisha, mzee.” Mama Bata akaleta uji. Kobe akafunga safari ya kupanda kwa Mjumbe.

Alifika kesho yake saa nne, akakuta viti vimepangwa. Kiboko alikuwa ameusoma waraka ule, akaupenda mno, akaitisha mkutano wa dharura. Akamsifu Kobe kwa uungwana wake mbele ya wote, kisha akasoma ajenda, ambayo ilikuwa moja: matumizi mabaya ya kucha kwenye simu. Ikapitishwa kwamba kila mwenye ukucha mrefu aukate kabla ya kuandika grupuni.

Mama Bata akanyoosha bawa. “Na choo, Mjumbe?”

“Swali zuri,” akasema Kiboko, akamgeukia karani. “Andika: suala la choo litajadiliwa mvua zikiisha.”