Jinsi ya Kutafuta Kinyume cha 53 kwa Nusu ya Kazi

Unataka wenzako wakuone ukikokotoa kwa mkono kile ambacho kompyuta hufanya ndani ya AES, na hutaki kutoka jasho. Ni haki yako. Sogea karibu nikuonyeshe kazi ya kukwepa.

1. Chagua mfano wenye sifa. Chukua baiti 53 katika msingi wa 16. Biti zake ni 01010011, na kila biti yenye 1 ni kipeo kimoja cha x, kwa hiyo unaandika x^6+x^4+x+1. Unatafuta polinomia ambayo, ikizidishwa na hii, itabakiza 1 baada ya kugawanya kwa x^8+x^4+x^3+x+1. Hii ya pili waliichagua Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na ikaingia katika kanuni ya Marekani ya mwaka 2001, FIPS 197. Iite m, na ile yako iite a.

2. Sahau kutoa. Humu 1+1 ni 0, kwa hiyo kutoa na kujumlisha ni kitu kimoja. Vipeo viwili vinavyofanana vikikutana, vifute vyote. Ukijikuta umeandika 2x^4 au alama ya kutoa, umerudi kwenye hesabu za sekondari.

3. Gawanya mpaka upate 1. Anza na m kwa a, kisha kila mara gawanya kigawanyi kwa baki lake:

```
m    = (x^2+1)·a + x^2
a    = (x^4+x^2)·x^2 + (x+1)
x^2  = (x+1)·(x+1) + 1
```

Mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza ndio wenye kazi: x^2 mara a inafuta x^8 na x^3, unabaki na x^6+x^4+x^2+x+1. Bado kipeo cha juu ni 6, sawa na cha a, kwa hiyo jumlisha a mara moja zaidi, ibaki x^2. Wengi huishia njiani hapa kwa kudhani mgawanyo umekwisha. Haujaisha mpaka kipeo cha juu cha baki kiwe chini ya kile cha kigawanyi.

4. Sasa ukwepaji wenyewe. Vitabu hukutaka ubebe safu mbili: moja inahesabu m imetumika mara ngapi, nyingine a. Tupa ya m. Mwishoni kila kitu kilichozidishwa na m kinakuwa 0, kwa hiyo safu hiyo ni mzigo usiolipwa. Baki na ya a, ianze na 0 kisha 1. Kila hatua, zidisha jibu la mgawanyo kwa namba ya mwisho, halafu jumlisha iliyoitangulia:

```
0
1
x^2+1
x^6+x^2+1
x^7+x^6+x^3+x
```

Mstari wa nne unastahili kutazamwa: (x^4+x^2)(x^2+1) inatoa x^4 mara mbili, zikafutana, ikabaki x^6+x^2, na ile 1 ya juu ikaongezwa. Mstari wa mwisho ni jibu: biti 11001010, yaani CA.

5. Jikague bila kuzidisha. Jumlisha vipeo vya juu vya majibu ya mgawanyo: 2, 4 na 1 ni 7. Jibu lako lazima lianze na x^7, na limeanza. Kagua hivi kila mara. Ni sekunde chache, na baadhi ya makosa hujitokeza hapo. Lakini haikagui vipeo vya chini, kwa hiyo jibu likiwa la kukabidhi kwa mtu, zidisha tu: 53 mara CA lazima itoe 1.

6. Ukitaka kuharibu kabisa, fupisha m. Waandishi wa programu huandika 1B badala ya 11B, kwa kuwa x^8 haitoshei kwenye baiti moja. Katika kuzidisha inafaa, kwa sababu biti inayomwagika wanaishughulikia kando. Ukianza kugawanya kwa 1B, yaani x^4+x^3+x+1, utafika kwenye baki x^3+1 kisha 0, na 1 hutaiona kamwe. Hiyo ndiyo dalili: baki la mwisho kabla ya 0 likiwa na x ndani yake, polinomia zako mbili zina kigawanyo cha pamoja. Kwa m halisi jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa haigawanyiki kwa polinomia yoyote ndogo isipokuwa 1. Basi usiilaumu a. Rudi ukasome upya ulichoandika badala ya m.

7. Mtu akikutega kwa baiti 00, usigawanye chochote. Sifuri haina kinyume. Daemen na Rijmen walipanga 00 ipelekwe 00 ili jedwali la baiti 256 likamilike, nawe jibu hivyo hivyo, bila kusita.